Saa moja kwa siku nne: hotuba ya kupunguza kazi za nyumbani na hesabu yake

Mada ya kazi za nyumbani haikosekani kwenye midahalo ya Kiingereza ya sekondari zetu hapa Dar es Salaam. Upande unaounga mkono kuwekwa kikomo hupigiwa makofi kabla haujafungua mdomo, maana ukumbi mzima ni wanafunzi. Halafu matokeo yakisomwa, wapinzani wanashinda. Nimekaa kwenye jopo la waamuzi mara za kutosha kuona kinachotokea hapo katikati. Msemaji anasimama kutetea kupunguza, na dakika moja baadaye anatetea kufuta. Anasema mwanafunzi amechoka, anahitaji kucheza, shule ni jela. Mpinzani anamsubiri amalize, kisha anauliza swali moja tu: mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili utaufanya kwa kucheza? Hapo mchezo umekwisha.

Hotuba ya dakika tatu haiwezi kubeba malalamiko yote ya mwanafunzi. Inaweza kubeba pendekezo moja lenye namba, ushahidi wa namba hiyo, na jibu kwa pingamizi moja kubwa. Kwa maoni yangu namba inayofaa kwa mwanafunzi wa kutwa wa jiji hili, Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne, ni dakika 60 kwa usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, kwa masomo yote yakijumlishwa. Nitaeleza nimeitoaje, kwa sababu msemaji asiyejua namba yake imetoka wapi ataangushwa na swali la kwanza.

Tuanze na saa. Chukua mwanafunzi wa kubuni, msichana wa Kidato cha Pili anayeishi Chanika na kusoma shule ya kutwa katikati ya jiji. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Akichelewa hapo, atakuta daladala zimejaa watu wazima, na makonda wengi hawana hamu na abiria wa nauli ya mwanafunzi wakati wa asubuhi. Masomo yanaanza saa moja na nusu, anatoka saa tisa baada ya usafi, na akipata usafiri mapema anafika nyumbani saa kumi na moja jioni. Kuna maji ya kuchota, vyombo, mdogo wake wa kuogeshwa, chakula cha kupika. Saa moja na nusu usiku kazi hizo zimeisha, saa mbili amekula. Sasa ndiyo anaweza kufungua daftari.

Chuo cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, saa 8. Ili aamke saa kumi na nusu alfajiri akiwa amelala saa hizo, lazima awe usingizini saa mbili na nusu usiku. Kati ya kumaliza kula na kulala kuna nusu saa. Katika hesabu hii hakuna runinga, hakuna simu, hakuna kucheza. Mwamuzi akiisikia imesomwa polepole, haihitaji kupambwa na kivumishi chochote.

Upande wa pili wa hesabu uko shuleni, na ndio ambao wasemaji wengi hawaugusi. Kidato cha Pili kina masomo tisa au zaidi. Siku hiyo mwalimu wa Hisabati ametoa maswali ya dakika 40. Wa Baiolojia naye kachoro kidogo na maelezo, dakika 40. Wa Jiografia hivyo hivyo, na wa Kiingereza insha fupi. Kila mmoja, ukimuuliza, atakwambia kwa moyo safi kwamba ametoa kidogo. Ni kweli. Lakini jumla ni dakika 160, na hakuna mtu hata mmoja shuleni anayeijua jumla hiyo, kwa kuwa hakuna anayeijumlisha isipokuwa mtoto mwenyewe, usiku, peke yake. Akiifanya yote analala saa nne na dakika 40, na usingizi wake ni saa 5 na dakika 50.

Kwa hiyo hoja yenye nguvu haimtuhumu mwalimu yeyote. Inasema kikomo kiwekwe kwenye jumla. Nimeshangaa mara nyingi kuona wasemaji wanaopoteza dakika nzima kuwasema walimu mbele ya jopo la walimu, ilhali hoja ambayo walimu wenyewe wangeitikia kwa kichwa iko hapo mezani.

Dakika 40 za mwalimu pia siyo dakika 40 za mwanafunzi. Huyu msichana alisoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na tangu Kidato cha Kwanza masomo yake karibu yote ni kwa Kiingereza. Akiwa darasani kuna mwalimu wa kumfafanulia swali la Baiolojia. Nyumbani ana kamusi akibahatika. Anaanza kwa kutafuta maana ya maneno manne kwenye sentensi moja, na nusu ya muda imekwenda kabla hajafika kwenye baiolojia yenyewe. Kwenye darasa la Kiingereza hoja hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa msemaji anaitoa kwa lugha ile ile inayomchelewesha.

Matokeo yake unayaona asubuhi, kabla ya kengele. Daftari moja linazunguka madawati kumi. Mwalimu mzoefu hujua bila kuuliza, kwa sababu makosa yanafanana. Mpe darasa swali la kufungua mabano la `(x + 3)²`. Jibu sahihi ni `x² + 6x + 9`. Kosa la kawaida ni `x² + 9`, na wanafunzi kadhaa wanaweza kulifanya kila mmoja kivyake. Lakini ukikuta kwenye daftari 30 `x² + 9x + 6`, yaani namba zimebadilishana viti, ujue kuna mtu mmoja aliyekosea na 29 walioangalizia. Mwalimu amekosa kitu pekee ambacho kazi ile ingempa, yaani kujua nani hajaelewa. Na akitumia dakika 2 kwa kila daftari, kwa hizo 30 amekaa saa nzima kusahihisha kazi ya mtu mmoja.

Sasa ushahidi wa watafiti. Hapa ndipo hotuba nyingi zinapochafuka, kwa kuwa mtandaoni kuna takataka za kutosha kuhusu mada hii. Kuna hadithi ya mwalimu wa Venisi aitwaye Roberto Nevilis, anayedaiwa kubuni kazi za nyumbani mwaka 1095, wengine wanasema 1905. Tofauti ya miaka 810 ingetosha kumshtua msomaji, lakini jina hilo linaendelea kusikika kwenye midahalo. Hakuna ushahidi kwamba mtu huyo aliwahi kuishi. Kuna pia dai kwamba Ufini haina kazi za nyumbani kabisa. Inazo, ila ni chache. Mpinzani aliyejiandaa akikukamata na dai moja la namna hii, mwamuzi ataanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Jina la kulijua ni Harris Cooper, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 yeye na wenzake wawili walichapisha uchambuzi wa tafiti za Marekani zilizofanyika kati ya 1987 na 2003. Walichokikuta ni hiki: uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ulikuwa wa wazi zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko wa msingi. Angalia inamweka wapi msemaji wetu. Yuko sekondari. Utafiti maarufu kuliko yote kwenye mada hii unaweza kusomwa na mpinzani wake kama ushindi. Wasemaji wengi hulikwepa hilo wakisema tu Cooper amethibitisha kazi za nyumbani hazina faida, jambo ambalo hakulisema.

Njia bora ni kulikubali mwenyewe, mapema, kabla mpinzani hajasimama. Kazi za nyumbani zinasaidia sekondari, na ndiyo maana hatuombi zifutwe. Kisha endelea na sehemu ya pili ya alichokisema Cooper, kwamba hata kwa sekondari kuna mahali ambapo kuongeza hakuambatani tena na ufaulu zaidi. Yeye mwenyewe anahusishwa na kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa kwa usiku: darasa la kwanza dakika 10, la pili 20, na kuendelea. Kwa hesabu hiyo Kidato cha Pili, mwaka wa tisa wa shule, kingepata dakika 90.

Kwa nini basi nasema 60? Kwanza, kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtoto anayeamka saa kumi na nusu kugombea daladala. Ukimpa dakika 90 msichana wetu analala saa tatu na nusu, anapata saa 7. Ukimpa 60 analala saa tatu, anapata saa 7 na nusu. Bado hajafikia 8, na msemaji akiri hivyo. Namba hii ni maelewano kati ya usingizi na masomo.

Sababu ya pili inatoka OECD, shirika linaloendesha mtihani wa kimataifa wa PISA kwa vijana wa miaka 15. Kwenye takwimu za mwaka 2012 shirika hilo liliona kwamba wastani wa kazi za nyumbani ulikuwa kama saa 5 kwa wiki, na kwamba ikishapita takriban saa 4 kwa wiki, muda wa ziada hauna athari ya maana kwa matokeo ya nchi kwa ujumla. Dakika 60 mara siku 4 ni saa 4. Namba mbili zilizotoka njia tofauti, moja kwenye ratiba ya Chanika na nyingine kwenye takwimu za dunia, zinakutana pale pale. Tahadhari moja: ulinganisho wa OECD ni wa mifumo ya elimu ya nchi, haukumpima mwanafunzi mmoja mmoja. Msemaji asiseme kwamba mtoto akizidisha saa 4 hafaidiki. Aseme nchi zilizozidisha hazikuonekana kufaidika. Ni sentensi fupi tu, lakini ndiyo inayomkinga.

Mpinzani mzuri atataja Shanghai, ambako kwenye takwimu hizo hizo vijana walikuwa na karibu saa 14 kwa wiki na waliongoza hisabati. Jibu liwe tayari: Ufini na Korea Kusini walikuwa chini ya saa 3 na nao walifanya vizuri sana. Kama saa 14 zinatoa ushindi na saa 3 zinatoa ushindi, basi saa peke yake hazielezi ushindi.

Utekelezaji nao utajwe, sekunde 20 tu. Dakika 60 ni masomo mawili ya dakika 30 kila usiku. Kwa siku nne ni nafasi nane. Hisabati ichukue mbili, zilizobaki zigawanywe, na masomo kama Historia na Jiografia yapokezane wiki kwa wiki. Ratiba ibandikwe ukutani, kiranja wa darasa aandike kila kazi na makadirio ya muda wake. Mwalimu akikuta nafasi mbili za leo zimejaa, anasogeza kesho. Gharama yake ni karatasi moja.

Kuhusu muda wa hotuba yenyewe, mwanafunzi anayezungumza Kiingereza kwa utulivu husema kama maneno 110 kwa dakika. Dakika tatu ni maneno 330. Sasa toa salamu zetu tunazozijua: Mheshimiwa Mwenyekiti, mtunza muda, jopo la waamuzi, walimu, wageni waalikwa, wapinzani wangu, wanafunzi wenzangu. Zikisomwa zote zinakula muda wa hoja. Abakishe Mwenyekiti na waamuzi, aingie kazini. Na ile tamati ya tangu enzi, kwamba kwa hoja hizi chache natumaini nimewashawishi na siyo kuwachanganya, naomba iachwe. Waamuzi wameisikia mpaka hawaisikii tena. Sentensi ziwe fupi, za mtu anayeongea. Nimeona vijana wazuri wakikwama katikati ya sentensi ndefu waliyoikariri, wakarudi mwanzo kuitafuta, na kengele ikawakuta huko huko.

Kwa Kiswahili, kiini cha hotuba hiyo kingekuwa hivi. Kiingereza aweke mwenyewe, kwa maneno anayoyamudu:

“Mheshimiwa Mwenyekiti, waamuzi. Kazi za nyumbani zinatusaidia. Sijaja kuomba zifutwe. Naomba zipewe mwisho: saa moja kwa usiku, Jumatatu mpaka Alhamisi, masomo yote pamoja.

“Mfikirieni mwanafunzi wa Chanika. Anaamka saa kumi na nusu. Anarudi saa kumi na moja jioni. Anachota maji, anapika, anakula. Ni saa mbili usiku. Ili alale kwa muda wa saa nane, ambazo madaktari wanasema ni za chini kabisa kwa umri wetu, amebakiwa na nusu saa. Jana walimu wanne walimpa kazi. Kila kazi ilikuwa ndogo, dakika 40. Lakini 40 mara nne ni 160. Nani alizijumlisha? Hakuna.

“Wapinzani wangu watasema utafiti unaunga mkono kazi za nyumbani kwa sekondari. Ni kweli, na Profesa Cooper ameonyesha hivyo. Lakini OECD ililinganisha nchi nyingi, ikaona kwamba zaidi ya takriban saa nne kwa wiki, nchi hazipati faida ya maana. Saa moja kwa siku nne ni saa nne. Ndizo tunazoziomba.

“Watasema tutafeli mtihani. Mheshimiwa, mtihani hausahihishi daftari lililonakiliwa asubuhi. Kazi mbili nilizofanya mwenyewe zinamwonyesha mwalimu wangu ninapokosea. Kazi nne nilizoangalizia hazimwonyeshi kitu.

“Pendekezo letu linahitaji karatasi moja ukutani na kiranja mmoja wa kuijaza. Naomba tuianze Jumatatu.”

Inatosha. Kwa Kiingereza inakaa vizuri ndani ya muda, na inabakiza pumzi ya kujibu mpinzani atakayesimama kuuliza.

Atakayesimama atauliza nini? Mara nyingi atauliza kuhusu shule za bweni, ambako wanafunzi wana prepu kila usiku na hakuna daladala. Msemaji akubali mara moja kwamba pendekezo lake ni la wanafunzi wa kutwa. Kujaribu kulinyoosha mpaka bweni ni kujitafutia kesi. Au atauliza kuhusu mwanafunzi anayeishi mita mia mbili kutoka shuleni, mwenye meza yake na taa yake. Huyo hakatazwi kusoma. Kikomo ni cha kile shule inachoamuru, siyo cha kile mtoto anachotaka. OECD wenyewe waliona vijana wa familia zenye uwezo wanatumia kama saa 1.6 zaidi kwa wiki kwenye kazi za nyumbani kuliko wa familia maskini. Shule inapoamuru saa nyingi, inaamuru kitu ambacho baadhi ya nyumba zinakimudu na nyingine hazikimudu, kisha inawapa maksi wote kwa kipimo kimoja.

Swali gumu zaidi ni la tuisheni. Shule ikipunguza, mzazi mwenye wasiwasi atampeleka mtoto tuisheni ya jioni, saa zile zile tulizoziokoa zitakwenda huko, na safari hii kwa kulipia. Korea Kusini ndiyo mfano wake mbaya: kazi za shule ni chache, lakini vituo vya masomo ya kulipia hujaa vijana mpaka usiku, hadi mamlaka za Seoul zikaweka saa nne usiku kuwa mwisho wa kufundisha. Hotuba ya dakika tatu haina jibu la kumaliza jambo hili, na msemaji asijifanye analo. Anachoweza kusema ni kwamba mada iliyo mezani inahusu kazi zinazotolewa na shule, na kwamba leo hii mtoto wa tuisheni anabeba zote mbili, dakika 160 za shule juu ya tuisheni yake. Baada ya hapo akae chini, amwachie mpinzani kazi ya kueleza kwa nini mzigo wa pili ni sababu ya kutopunguza wa kwanza.